Herufi, sauti au silabi: kuchagua kigae cha mchezo wa kukisia maneno ya Kiswahili

Mchezo wenyewe wengi wameshaucheza simuni. Kuna neno limefichwa, unapewa nafasi sita za kulikisia, na kila kisio linarudi na rangi. Kijani ni herufi iliyo mahali pake, njano ni iliyomo ila si hapo, kijivu ni isiyomo. Wordle ya Kiingereza, iliyowekwa wazi mtandaoni mwaka 2021 na kununuliwa na gazeti la New York Times mwanzoni mwa 2022, ina vigae vitano na kila kigae ni herufi moja. Anayetaka kuutengeneza kwa Kiswahili kwa kawaida huanza kwa kubadilisha orodha ya maneno tu, akaacha mengine yote yalivyo. Mchezo unafanya kazi, lakini baada ya siku chache wachezaji wanaanza kuuliza kwa nini hawajawahi kukutana na kitabu, samaki wala chakula.

Jibu ni kwamba uamuzi wa kwanza haukufanywa: kigae kimoja kibebe nini? Kuna njia tatu. Kigae kinaweza kubeba herufi moja kama inavyoandikwa. Kinaweza kubeba sauti moja, yaani ch, sh, ny, th, dh, gh na ng' zihesabiwe kitu kimoja. Au kinaweza kubeba silabi nzima. Orodha ya maneno na kanuni za rangi zote zinafuata uamuzi huo, kwa hiyo tuuanze huo.

Tazama maneno sita ya kila siku yanavyopimwa:

| Neno | Herufi | Sauti | Silabi |
|---|---|---|---|
| chama | 5 | 4 | 2 |
| mkono | 5 | 5 | 3 |
| samaki | 6 | 6 | 3 |
| chakula | 7 | 6 | 3 |
| mwalimu | 7 | 7 | 3 |
| ng'ombe | 6 bila ritifaa | 5 | 2 |

Herufi moja kwa kigae

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Kibodi inahitaji herufi 24, kwa kuwa q na x hazina kazi, na programu haihitaji kujua chochote kuhusu Kiswahili. Udhaifu wake uko kwenye umbo la maneno. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti na irabu, hivyo neno la silabi mbili huwa na herufi nne (paka, soma, jiko) na la silabi tatu huwa na sita (samaki, kitabu, kalamu). Ukiamua tano, umeangukia katikati. Yanayopita ni yale tu yenye kitu cha ziada au pungufu: yanayoanza na irabu (asali, ukuta, elimu), yenye m ya ngeli (mtoto, mlima, mkono), yenye herufi mbili kwa sauti moja (shule, nyama), yenye irabu mbili zinazofuatana (barua, kofia), na yenye m au n mbele ya konsonanti nyingine (simba, ndege). Ni maneno mazuri, lakini mchezaji hugundua upesi kwamba jibu likianza na konsonanti ya kawaida lazima kuna mb, nd, sh au mwenzake ndani, au irabu mbili zimefuatana.

Ukienda kwenye sita unafungua mlango mpana zaidi, ila vigae sita kwenye simu ya kioo chembamba vinabana. Vilevile kigae cha mwisho karibu kila mara ni irabu, kwa hiyo kinabeba taarifa ndogo kuliko vingine. Huwezi kukikwepa, na wala usijaribu kuficha jambo hilo: ni tabia ya lugha, na mchezaji mzuri ataitumia.

Wengine wanalalamika kwamba herufi c haina maana peke yake na h inadanganya. Ukikisia shule na jibu ni chama, h inatoka kijani ingawa hakuna sauti ya h katika neno lolote kati ya hayo mawili. Mimi sioni kuwa hilo ni kosa. Kijani kwenye kigae cha pili chenye h kinamwambia mchezaji kwamba huenda kuna ch, sh, th, dh, gh au kh, na huo ni msaada wa haki mradi mchezo umetangazwa kuwa wa herufi. Tatizo halisi ni ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo na wenzao hawana mahali pa kukaa, kwa sababu ritifaa si herufi na haistahili kigae. Kwenye mchezo wa herufi yaache nje ya majibu.

Sauti moja kwa kigae

Njia hii inatibu c, h na ritifaa kwa mpigo: kibodi inapata vitufe vya ch, sh, ny, ng' na vinginevyo, na chama kinakuwa na vigae vinne. Ukiicheza utaona gharama. Vitufe vinafika 30 au zaidi, vinakuwa vidogo, na mchezaji anayeandika kwa mazoea anabonyeza s kisha h, anapata vigae viwili badala ya kimoja. Unaweza kuifanya programu iunganishe s na h yenyewe, lakini sasa kigae kinabadilika mbele ya macho ya mtu akiwa katikati ya kuandika, na wengi hudhani ni hitilafu. Mbaya zaidi, tatizo la umbo la maneno limebaki palepale: samaki bado ni sita, mkono tano, mwalimu saba. Umelipa bei ya utata bila kununua kitu kikubwa. Njia hii naiona inafaa darasani, pale mwalimu anapotaka wanafunzi watofautishe ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, si kwa mchezo wa umma.

Silabi kwa kigae

Hapa ndipo Kiswahili kinapokaa sawasawa. Ubao wa silabi tatu unapokea mkono wa herufi tano, samaki wa sita, na chakula na mwalimu wenye herufi saba, vyote kwa vigae vitatu vipana vinavyosomeka hata kwenye kioo kidogo. Mchezaji haandiki silabi. Anaandika neno kwa herufi, na programu inalikata na kujaza vigae.

Ukikopa kanuni ya rangi ya herufi na kuipachika kwenye silabi nzima, hata hivyo, mchezo unakuwa mgumu kupita kiasi. Hesabu yake ni fupi. Konsonanti za Kiswahili, ukizihesabu ch na sh kuwa moja moja, ni 25 hivi. Mara irabu tano unapata silabi 125, kabla hujaongeza mba, nde, kwa, mwa na jamaa zao. Makisio sita ya silabi tatu yanapima silabi 18 tu. Mchezaji anaweza kumaliza nafasi zote akiwa amezungukwa na kijivu.

Tuuone ugumu huo kwa mfano mmoja. Jibu ni samaki, na mchezaji anaanza na kalamu. Kwa silabi nzima: ka haimo, la haimo, mu haimo. Kijivu tatu. Mchezaji anahisi amekosa kabisa, kumbe a mbili ziko mahali pake, na k na m zote zimo ndani ya jibu. Kisio la pili ni makasi: ma inatoka njano, ka na si zinatoka kijivu. Anachojua sasa ni kwamba kuna ma kwenye kigae cha pili au cha tatu. Samaki, amani, imani, sumaku, huruma, neema: yote bado yanawezekana, na hayo ni ya haraka haraka tu.

Dawa ni kugawa kigae. Kila kigae kiwe na nusu mbili, ya kushoto ikibeba konsonanti ya silabi na ya kulia irabu yake, na kila nusu ipakwe rangi yake. Konsonanti zinalinganishwa na konsonanti za jibu, irabu na irabu. Rudia mchezo uleule. Kalamu dhidi ya samaki: kigae cha kwanza k ni njano na a ni kijani, cha pili l ni kijivu na a ni kijani, cha tatu m ni njano na u ni kijivu. Makasi: m njano, a kijani, k njano, a kijani, s njano, i kijani. Sasa mchezaji anafikiri: m si ya kwanza wala ya tatu, basi ni ya pili. K si ya kwanza wala ya pili, basi ni ya tatu. S inabaki kuwa ya kwanza. Sa-ma-ki, kwa kisio la tatu, na limepatikana kwa akili, si kwa bahati.

Msomaji makini ataona kwamba kwa neno kama samaki, kigae kilichogawanywa kinatoa rangi zilezile ambazo mchezo wa herufi sita ungetoa. Ni kweli. Faida yake ni kwamba ubao huohuo unampokea pia chakula na mkono, jambo ambalo mchezo wa herufi hauwezi.

Nusu tupu zinahitaji kanuni ya wazi. Katika a-sa-li, kigae cha kwanza hakina konsonanti. Katika m-ko-no, cha kwanza hakina irabu. Weka alama ya kistari kwenye nusu hiyo. Kistari kiwe kijani pale tu jibu nalo lina kistari mahali hapohapo, vinginevyo kijivu, na kisiwe njano kamwe, maana "kuna utupu mahali pengine" ni ujumbe unaochanganya zaidi ya kusaidia. Mb, nd, ng, mw na kw zihesabiwe konsonanti moja kwenye nusu ya kushoto. Hapo mb haitoi njano kwa b, na jambo hilo liandikwe kwenye maelekezo, kwa sababu ndilo la kwanza litakaloulizwa.

Kukata silabi bila kukosea

Programu ndogo inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi:

```python
import re
KATA = re.compile(r"m(?=[^aeioubvwy])|[^aeiou]*[aeiou]")

def silabi(neno):
    neno = neno.lower().replace("’", "'")
    return KATA.findall(neno)
```

Ule mstari wa `replace` upo kwa sababu simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na bila kuzisawazisha, ng'ombe aliyeandikwa sahihi anakataliwa. Kanuni yenyewe inasema: m ikifuatwa na konsonanti isiyo b, v, w wala y, inasimama peke yake; vinginevyo konsonanti zote zinaungana na irabu inayofuata. Hivyo mtoto ni m-to-to, mnyama ni m-nya-ma, nyumba ni nyu-mba, mwalimu ni mwa-li-mu.

Inapokosea ni pale m inapokutana na b au v. Mbuzi ni mbu-zi, lakini mbunge ni m-bu-nge, kwa sababu m ya mbunge ni ya ngeli ya watu. Mvua ni mvu-a, mvulana ni m-vu-la-na. Herufi hazikuambii tofauti. Inabidi ujue neno. Vilevile maneno mafupi kama nchi, nge, mbwa na mbu yana m au n inayosimama peke yake: n-chi, n-ge, m-bwa, m-bu. Haya yote yaandikie jedwali la mkono ambalo programu inalisoma kabla ya kukata. Utajua umesahau neno pale mchezaji anapoandika mbunge na kuambiwa kwamba lina silabi mbili.

Yapo maneno ambayo hata jedwali haliyaokoi. Mbuni ndege mkubwa ni mbu-ni, na mbuni mti wa kahawa ni m-bu-ni. Tahajia moja, mikato miwili ya silabi, maana tofauti. Liondoe kwenye majibu. Mbaya nalo vivyo hivyo: mtu mbaya ni m-ba-ya, nyumba mbaya ni mba-ya.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zisizopatana, kama askari, daktari, maktaba, samli na labda, yanaleta mabishano mapya. Je, ni as-ka-ri au a-ska-ri? Hata watu wanaojua lugha vizuri watayakata tofauti. Kwenye mchezo wa silabi usiyaweke kuwa majibu. Kwenye mchezo wa herufi hayana shida yoyote, na hapo ndipo herufi inaposhinda silabi waziwazi.

Orodha mbili, si moja

Tenga orodha ya majibu na orodha ya makisio yanayokubalika. Wordle ilipoanza ilikuwa na majibu takriban 2,300, na maneno mengine zaidi ya 10,000 ambayo yalikubaliwa kama makisio tu. Kwa Kiswahili utengano huo una uzito zaidi, kwa sababu ya vitenzi. Chukua pika peke yake. Katika silabi tatu kinazaa nipike, upike, apike, tupike, mpike, wapike, sipiki, hupiki, hapiki, kupika na hupika. Ni maumbo 11 kutoka kitenzi kimoja cha silabi mbili, na hapo hatujagusa pikia wala pikika. Ukiyaingiza kwenye majibu, mchezo unageuka kuwa wa kubahatisha viambishi: mchezaji ameshapata pi na ke, sasa anachagua kati ya ni, u, a, tu, m na wa, nafasi sita hizo kamili.

Kwa hiyo majibu yawe nomino za umoja na vitenzi katika umbo lake la kamusi. Wingi wa ki na vi uwe nje hasa, maana kikapu na vikapu vina urefu uleule, na mwenye ka na pu mkononi hana njia ya kuchagua ila kutupa shilingi. Vivumishi ni wasumbufu kidogo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza la 1981 lilitayarishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaorodhesha kivumishi kwa mzizi wenye kistari, kama -zuri. Ukinakili orodha ya namna hiyo kwa programu na kufuta vistari, utapata majibu kama eupe, ambalo hakuna anayelitamka hivyo peke yake. Yapitie kwa jicho.

Makisio ndiyo yawe mapana. Mtu akiandika apike au vitabu ametumia Kiswahili sahihi, na kumwambia "neno halipo" kunamvunja moyo kwa haki. Maumbo ya vitenzi unaweza kuyazalisha kwa programu, ila itazame mambo mawili. Vitenzi visivyoishia na a havibadilishi mwisho: ni arudi na harudi, si arude, na ni afikiri, si afikire. Pia m mbele ya irabu kama a, e na i hugeuka mw, kwa hiyo anza inatoa mwanze. Usipoweka alama kwa vitenzi hivyo kwenye orodha, utakubali maneno ambayo hayapo na kukataa yaliyopo.

Majina ya mahali yanataka uangalifu kwa anayetengenezea mchezo Dar es Salaam. Ubungo ni kituo na wilaya, si neno la kamusi. Ubongo ni neno. Mwenge linaingia kwa sababu ya mwenge unaowaka, na tanga linaingia kwa sababu ya jahazi, ingawa yote mawili ni majina ya mahali pia. Kwenye maneno yenye tahajia mbili, kama baiskeli na baisikeli, chagua moja iwe jibu na zote mbili zikubalike kama makisio. Maneno ya mtaani kama msela au dili yakubali kwenye makisio, na kwenye majibu weka yale tu ambayo bibi wa Tandale na mwanafunzi wa Mlimani wote watayatambua. Majibu 400 yaliyosomwa moja moja yanatosha mchezo wa neno moja kwa siku kwa zaidi ya mwaka.

Rangi pale kitu kinaporudiwa

Kiswahili kinapenda kurudia, kwa hiyo hitilafu ya rangi itaonekana hapa mapema kuliko kwingine. Jibu ni kiboko, kisio ni kokoto, mchezo ni wa herufi sita. Programu iliyoandikwa kwa haraka inapita mara moja kutoka kushoto: o ya kigae cha pili inaikuta o ndani ya kiboko, inaipaka njano. Lakini kiboko ina o mbili tu, na zote zitachukuliwa na o za kigae cha nne na cha sita ambazo ni kijani. Mchezaji anaona o tatu zenye rangi na kutafuta neno ambalo halipo.

Njia sahihi ni kupita mara mbili: kwanza toa kijani zote na uziondoe kwenye akiba, kisha gawa njano kwa kilichobaki.

```python
def rangi(jibu, kisio):
    nje = ["kijivu"] * len(jibu)
    akiba = list(jibu)
    for i, k in enumerate(kisio):
        if k == jibu[i]:
            nje[i] = "kijani"
            akiba.remove(k)
    for i, k in enumerate(kisio):
        if nje[i] == "kijivu" and k in akiba:
            nje[i] = "njano"
            akiba.remove(k)
    return nje
```

Kwa kokoto dhidi ya kiboko inatoa kijani, kijivu, njano, kijani, kijivu, kijani. Ipe silabi badala ya herufi na inafanya kazi vilevile: ko ya kwanza njano, ko ya pili kijivu, to kijivu. Kwa kigae kilichogawanywa unaiita mara mbili, mara ya kwanza kwa konsonanti na ya pili kwa irabu, ukikumbuka kuzuia kistari kisipate njano. Jaribu kila mara kwa jozi hii ya kiboko na kokoto kabla ya kutoa mchezo. Rangi pia ziwekewe alama ndogo, nukta kwa njano na tiki kwa kijani, kwa wasiotofautisha rangi hizo na kwa wanaochezea juani.

Uchague ipi

Ukitaka mchezo uwe tayari ndani ya siku mbili, na wachezaji wameshazoea ule wa Kiingereza, chukua herufi. Tumia sita badala ya tano, na uyaache nje maneno yenye ritifaa. Ukiwatengenezea watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaosoma ba be bi bo bu, chukua silabi nzima bila kugawa kigae, maneno ya silabi mbili, majibu kutoka orodha fupi inayoonekana ukutani, na nafasi nane au kumi badala ya sita. Kwa mchezo wa umma unaotaka uishi, chukua silabi tatu zenye kigae kilichogawanywa na nafasi sita. Una kazi ya ziada ya jedwali la mbunge na mvulana, lakini ifanye kabla ya kutoa neno la kwanza, kwa sababu ukibadilisha namna ya kukata baada ya watu kuanza kucheza, matokeo waliyokwisha kutumiana hayatalingana tena.